Meza kabla ya jukwaa: Mwandishi asikilize nini mswada mpya unaposomwa kwa sauti

Mswada wa tamthilia unaposomwa kimya na mtu mmoja, jicho humsaidia kuliko anavyotambua, kwa sababu jina la kila mhusika limechapwa pembeni mwa maneno yake, maelezo ya jukwaani yamewekwa ndani ya mabano, na akipotea anaweza kurudi ukurasa uliotangulia bila ya mtu kumwona. Hadhira itakayoketi ukumbini haina hata kimoja kati ya visaidizi hivyo. Itasikia kila sentensi mara moja tu, kwa kasi ya mwigizaji, na isipoelewa wakati huohuo haitaelewa tena.

Hapo ndipo linapozaliwa tatizo linalovisumbua vikundi vingi vya maigizo, navyo ni vile vinavyokwenda moja kwa moja kutoka katika kompyuta ya mwandishi hadi katika mazoezi. Kasoro ambayo ingeonekana kwa saa mbili za kukaa mezani hugunduliwa wiki ya tatu ya mazoezi, wakati waigizaji wamekwisha kukariri maneno yao, ukumbi umelipiwa na mwongozaji hana nafasi ya kumrudisha mwandishi nyuma. Mwandishi huambiwa apunguze hapa na pale, na tamthilia huonyeshwa ikiwa na jeraha lililofunikwa tu.

Kinga ya tatizo hilo ni usomaji wa mezani, yaani kikao ambamo waigizaji huketi kuizunguka meza, kila mmoja akiwa na nakala yake, na kuusoma mswada wote kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho bila ya kuigiza kwa mwili. Kikao hicho hutofautiana na usomaji wa jukwaani, ambao una hadhira iliyoalikwa na waigizaji waliofanya mazoezi mafupi huku nakala zikiwa mikononi, kama ule ambao umekuwa sehemu ya Tamasha la Kimataifa la Tamthilia la Kampala lililoanza mwaka 2014. Usomaji wa jukwaani huitambulisha kazi kwa watu, lakini usomaji wa mezani ni wa mwandishi, na thamani yake yote hutegemea kama mwandishi huyo anajua anachokisikiliza.

Kikao kinavyoandaliwa

Maandalizi yake si magumu, ila yana mambo machache ambayo yakipuuzwa kikao huharibika. La kwanza ni nakala. Kila nakala iwe ya toleo lilelile, tarehe ya rasimu ikiwa imechapwa juu ya kila ukurasa na kurasa zikiwa na namba, kwa sababu msomaji mmoja akiwa na rasimu ya mwezi uliopita, kikao kitasimama mara kwa mara ili watu watafute walipo, na mwandishi atapoteza kitu anachokihitaji kuliko vyote, ambacho ni mwendo usiokatika.

La pili ni ugawaji wa nafasi. Si lazima kila mhusika apate msomaji wake, kwani mswada wenye wahusika tisa unaweza kusomwa na watu sita, lakini mtu mmoja asipewe wahusika wawili wanaozungumza wao kwa wao, maana masikio hayatajua nani amemaliza na nani ameanza. Inafaa pia wasomaji wapewe lahaja wanayoimudu. Mhusika wa Mombasa anayesema "yuwaja" na "ndoo" akisomwa na mtu ambaye hajawahi kuishi Pwani atajikwaa katika kila mstari, na mwandishi anaweza kudhani kwamba kosa ni la mstari kumbe ni la ugawaji.

La tatu, na ndilo linalosahaulika zaidi, ni kumteua msomaji wa maelezo ya jukwaani ambaye hana nafasi nyingine yoyote. Huyu husoma mahali, wakati na matendo ambayo bila ya hayo mazungumzo hayaeleweki, na huyaacha yaliyobaki. Mwandishi mwenyewe hapaswi kuifanya kazi hiyo, wala hapaswi kusoma mhusika yeyote, kwa kuwa mtu anayesubiri zamu yake ya kusoma hawezi kusikiliza, na anayeisoma kazi yake mwenyewe huipa sauti aliyoisikia kichwani alipokuwa akiiandika, sauti ambayo haimo katika karatasi.

Mwandishi akae mahali anapoweza kuziona nyuso za wasomaji na za wasikilizaji wawili au watatu walioalikwa, wasiokuwa na nakala. Wasikilizaji hawa wasio na karatasi ndio hadhira halisi ya siku hiyo. Kando ya mwandishi akae msaidizi mwenye saa, anayeandika kila onyesho, yaani kila kipande cha tamthilia kinachotokea mahali pamoja na wakati mmoja, limeanza saa ngapi na kumalizika saa ngapi, na anayetia alama kila mahali msomaji alipokosea. Kazi hizo mbili zikiachiwa mwandishi, macho yake yatakuwa katika karatasi wakati wote.

> Mwandishi anayeisoma kazi yake mwenyewe huipa sauti aliyoisikia kichwani alipokuwa akiiandika, sauti ambayo haimo katika karatasi.

Wasomaji waupate mswada mapema au la?

Kuhusu jambo hili watu wa jukwaa hawakubaliani. Upande mmoja hushikilia kwamba waigizaji wapewe mswada siku mbili au tatu kabla, wausome, wawaelewe wahusika, kisha waje mezani wakiwa tayari kuutendea haki. Hoja yao ina uzito, kwa maana mwigizaji asiyejua kwamba mhusika wake anadanganya katika onyesho la kwanza hatausoma uongo huo kama uongo, na kila mtu mezani atapata picha potovu.

Upande wa pili husema kwamba mwigizaji hodari aliyejiandaa ni hatari kwa mwandishi. Anao ufundi wa kuficha kasoro, kwani sentensi iliyopinda ataivunja mahali panapofaa, maneno makavu atayatia uchungu, na swali lisilo na sababu atalijengea sababu kwa kituo kifupi na mtazamo wa jicho. Mwandishi hutoka kikaoni akiamini kwamba onyesho limekamilika, ilhali kilichokamilika ni mwigizaji.

Pande hizo mbili hazipimi kitu kimoja, na ndiyo maana mabishano yao hayaishi. Usomaji bila ya maandalizi huipima lugha, yaani kama maneno yanasemeka na kama sikio linayashika, na usomaji wenye maandalizi hupima muundo, yaani kama visa vinafuatana kwa sababu na kama mhusika anabadilika kwa njia inayoaminika. Rasimu ya mwanzo, ambayo bado lugha yake haijatulia, hufaidika zaidi na wasomaji wasioijua, ili mradi mwongozaji awaeleze kwa sentensi mbili kila mhusika ni nani na anataka nini. Rasimu ya pili na kuendelea ipelekwe kwa waigizaji mapema.

Katika hali zote mbili waigizaji waombwe wasome kwa sauti ya kawaida na kwa kasi ya mazungumzo, wasiigize kilio wala kicheko. Ombi hilo ni la kulinda ushahidi. Maneno yanayoweza kumgusa msikilizaji yakiwa yamesomwa bila ya mapambo yatamgusa zaidi yakiigizwa, na yale yanayohitaji mapambo ili yasikike yanapaswa kutiliwa shaka.

Masikio yafuate nini

Usomaji ukianza usisimamishwe hadi mapumziko yaliyokusudiwa na mwandishi mwenyewe katika tamthilia yake. Muda huo wote mwandishi asirekebishe neno, asieleze, asitikise kichwa. Ushahidi unaomjia ni wa aina chache, na wa kwanza ni kujikwaa kwa ulimi.

Msomaji akikosea mara moja, huenda ni macho yake. Akikosea, akarudia, akakosea tena mahali palepale, sentensi ndiyo yenye kosa. Lenye faida zaidi ni pale msomaji anapobadilisha maneno bila ya kujua kwamba ameyabadilisha, akasoma "sikutaka" mahali palipoandikwa "sikuwa na nia ya kutaka", kwa kuwa hapo ulimi wa mtu anayezungumza lugha hiyo kila siku umeihariri kazi papo hapo. Msaidizi anapaswa kuyaandika mabadiliko hayo kama yalivyosemwa, na mara nyingi mwandishi atayakubali yote.

Ushahidi wa pili ni pumzi. Kiswahili cha maandishi huvumilia sentensi ndefu zenye virejeshi vingi, hasa vya "ambaye" na "ambacho", na mwandishi aliyelelewa na vitabu huzileta jukwaani bila ya kufikiri. Msomaji akivuta pumzi katikati ya wazo, mahali pasipo na mkato, wazo limezidi urefu wa kifua cha binadamu. Haina maana kwamba sentensi zote ziwe fupi, kwani mhusika wakili au sheikh anaweza kustahili maneno marefu, lakini urefu huo uwe ni tabia ya mhusika na usiwe ni tabia ya mwandishi.

Wa tatu unakihusu Kiswahili kwa namna ya pekee. Kitenzi cha Kiswahili humbeba mtendaji na mtendwa ndani yake bila ya kutofautisha mwanamume na mwanamke, na watu watatu wakizungumziwa katika sentensi moja wote huwa "a-" na "-m-". Katika karatasi mwandishi anajua nani ni nani. Mezani, wasikilizaji wasio na nakala watainua nyuso zao kumtazama msomaji, kisha watatazamana, na dakika hiyo maneno mawili au matatu yanayofuata yatawapita kwa sababu bado wanatafuta nani amempa nani nini.

Kuinuka kwa nyuso, basi, ni dalili ya kupotea au ya kuvutwa, na zote mbili hutofautishwa na kinachofuata. Aliyevutwa hutulia, aliyepotea humtafuta mwenzake kwa macho. Kuchoka nako kuna dalili zake, kama vile kufunua kurasa za mbele kuhesabu zilizobaki, jambo ambalo hata wasomaji hulifanya pale mhusika wao anaponyamaza kwa kurasa nyingi, au kuishika simu, au kujinyoosha. Mwandishi asiandike maelezo marefu wakati huo. Atie alama moja pembeni mwa ukurasa, kisha aendelee kutazama, kwa maana sababu ya kuchoka kwa ukurasa wa 40 mara nyingi iko ukurasa wa 32, mahali ambapo swali lililowashika wasikilizaji lilijibiwa mapema na halikuachiwa mrithi.

> Sababu ya kuchoka kwa ukurasa wa 40 mara nyingi iko ukurasa wa 32, mahali ambapo swali lililowashika wasikilizaji lilijibiwa mapema.

Kuna pia maelezo ya jukwaani, ambayo humdanganya mwandishi kuliko kitu kingine chochote mezani. Msomaji wa maelezo akisema "Kassim anakumbuka siku baba alipomkabidhi ufunguo", kila mtu chumbani huelewa na kuguswa, lakini hakuna mwigizaji duniani anayeweza kuionyesha hadhira kumbukumbu hiyo kwa kusimama tu. Maelezo ya aina hiyo ni habari iliyotiwa mahali ambapo hadhira haifiki. Watunzi wa michezo ya redio, kama ule wa "Twende na Wakati" uliorushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kuanzia mwaka 1993, hawana pa kuficha habari ya namna hiyo, kwa kuwa kwao kisichosikika hakipo, na mtunzi wa jukwaani angefaidika akiusikiliza mswada wake kwa masikio kama yao.

Mfano: nyumba ya urithi

Ili ionekane jinsi ushahidi huo unavyogeuka kuwa marekebisho, uchukuliwe mfano wa onyesho fupi lililotungwa kwa ajili ya makala haya. Zuhura, aliyeolewa Mombasa, anarudi Tanga katika nyumba ya marehemu baba yao, na kaka yake Kassim amekwisha kupokea arubuni, yaani malipo ya kwanza ya kuthibitisha ununuzi, kutoka kwa mtu anayetaka kuinunua nyumba hiyo. Rasimu ya kwanza inasomeka hivi:

ZUHURA: Shikamoo, kaka.
KASSIM: Marahaba. Hujambo?
ZUHURA: Sijambo. Wazima hapa?
KASSIM: Wazima. Safari yako?
ZUHURA: Salama. Kaka, kama unavyofahamu, ni miaka mitatu sasa tangu baba yetu mzee Athumani alipofariki na kutuachia nyumba hii sisi watoto wake wawili, nami kwa kuwa niliolewa Mombasa sikuweza kushiriki katika uamuzi wowote unaoihusu.
KASSIM: Ni kweli. Mzee Hamadi alinikutanisha na Saidi. Alisema alimwambia kwamba akimpa arubuni atamwandikia kabla hajasafiri. (Anakumbuka siku baba alipomkabidhi ufunguo.)

Kwa macho, hakuna kosa la lugha hapo. Mezani mambo matatu yatajitokeza. Maamkizi yatapita bila ya mtu yeyote kuyasikiliza, kwa sababu kila Mswahili anaujua mwisho wake kabla hayajaanza. Maamkizi ni sehemu ya heshima ya maisha, na mwandishi huyaweka akiamini kwamba kuyaacha ni utovu wa adabu, lakini yakirudiwa katika kila onyesho hula dakika nyingi za tamthilia bila ya kuongeza lolote. Yanapata nguvu pale tu yanapokuwa na kasoro, yaani yanapocheleweshwa, yanapoitikiwa kwa ukavu au yanaponyimwa kabisa.

Maneno marefu ya Zuhura, kwa upande wao, yatamkatisha msomaji pumzi karibu na neno "wawili", na sauti yake itageuka kuwa ya mtu anayesoma taarifa. Sababu ni kwamba Zuhura anamwambia Kassim mambo ambayo Kassim anayajua yote. Anayeambiwa hasa ni hadhira, na msomaji, ambaye hana jinsi ya kuelewa kwa nini dada amweleze kaka habari za msiba wao wenyewe, hawezi kuyapa maneno hayo nia yoyote. Pale palipoandikwa "kama unavyofahamu" pana karibu kila mara kasoro hiyo.

Jibu la Kassim ndilo litakaloinua nyuso. Nani alisema, Hamadi au Saidi? Nani akimpa nani arubuni, na nani atasafiri? Mwandishi anajua, msomaji anakisia, na msikilizaji ameachwa nje ya jambo ambalo tamthilia nzima imejengwa juu yake.

Mwandishi mchanga akiyaona hayo hukimbilia kurekebisha kila sentensi kivyake, akakata maamkizi, akaigawa sentensi ndefu, akaweka majina mahali pa viambishi. Atapata onyesho linaloeleweka lakini lisilo na uhai. Dalili tatu hizo zina chanzo kimoja, nacho ni kwamba Zuhura anaingia bila ya kutaka chochote, kwa hiyo maneno hayana kazi ya kufanya ila kutoa habari. Akipewa kitu cha kukitaka tangu mlangoni, habari zitatoka zenyewe:

(Zuhura yuko mlangoni, mzigo bado mkononi. Mlango unafunguliwa kutoka ndani.)
KASSIM: Zuhura! Hukusema unakuja.
ZUHURA: Ufunguo wangu haufungui.
KASSIM: Kitasa kilikuwa kibovu. Nimekibadilisha.
ZUHURA: Tangu baba afe kitasa kile ni kibovu. Miaka mitatu. Leo ndiyo umekiona?
KASSIM: Siku hizi shikamoo huitoi?
ZUHURA: Nani amekupa arubuni, kaka?

Kifo cha baba, miaka mitatu, haki ya Zuhura ndani ya nyumba na siri ya Kassim vyote vimo, na hakuna aliyemweleza mwenzake jambo analolijua ila kwa kumshtaki nalo. Ufunguo uliokuwa umefichwa katika mabano umekuwa kitu cha kushikwa mkononi. Shikamoo iliyokuwa imepita bila ya kusikika sasa inadaiwa na mkosaji kama ngao, na hapo wasikilizaji hawatahitaji kuelezwa kwamba Kassim ni mkubwa kwa umri na mdogo kwa hoja. Mombasa haimo katika mistari hii na haijakosekana, itatajwa itakapohitajika.

Baada ya ukurasa wa mwisho

Usomaji ukimalizika watu wapumzike dakika 10 au 15 kabla ya kuzungumza, na mazungumzo yasizidi dakika 45, kwa sababu baada ya hapo wachangiaji huacha kuuzungumzia mswada uliosomwa na kuanza kutunga mwingine wanaoutaka wao. Hapa tena kuna pande mbili. Wapo waandishi wanaokataa mjadala kabisa, wakisema ushahidi umekwisha kutolewa wakati wa kusoma, na wapo wanaoamini kwamba wasikilizaji ni washirika katika utunzi.

Upande wa pili una mfano mkubwa katika Afrika Mashariki. Mwaka 1977 huko Kamirithu, Limuru, mswada wa "Ngaahika Ndeenda" uliotungwa kwa Kikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii ulisomwa na kujadiliwa na wakazi wa kijiji, wakulima kwa wafanyakazi, kabla na wakati wa mazoezi yaliyofanyika hadharani. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika kitabu chake "Decolonising the Mind" cha mwaka 1986 jinsi wanakijiji walivyoisahihisha lugha ya wahusika, wakikataa mzee azungumze kama kijana na kudai apewe methali zinazolingana na hadhi yake, na jinsi wafanyakazi walivyoongeza habari za maisha yao ya kazini. Serikali ya Kenya iliyasimamisha maonyesho ya tamthilia hiyo Novemba mwaka huohuo, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwishoni mwa Desemba, jambo linaloonyesha jinsi lugha ile iliyosahihishwa na wenyewe ilivyofika ilikolengwa.

Mfano wa Kamirithu hutajwa mara nyingi kama hoja ya kumsikiliza kila mtu katika kila jambo, na hapo huenda mbali kuliko ushahidi wake. Wanakijiji walikuwa mabingwa wa yale waliyoyasahihisha, yaani lugha yao na kazi yao. Mchango wa aina hiyo, wa mtu anayesema kwamba dalali hazungumzi hivi au kwamba kadhi hawezi kutoa uamuzi huo kwa siku moja, mwandishi aupokee na kuufanyia kazi, kwa sababu unaweza kuthibitishwa.

Mchango unaosema "Kassim aombe radhi mwishoni" ni wa aina nyingine. Aliyeutoa amehisi upungufu wa kweli, ila dawa anayoipendekeza ni ya kubahatisha. Mwandishi amshukuru, kisha ajiulize ni wapi msikilizaji huyo alianza kutamani radhi hiyo, na huenda akagundua kwamba Kassim hana hata mstari mmoja katika sehemu ya kwanza unaoonyesha kwamba alimpenda dada yake. Marekebisho yataingia huko mwanzoni, na mwisho utabaki kama ulivyo.

> Msikilizaji huhisi upungufu wa kweli, ila dawa anayoipendekeza ni ya kubahatisha.

Utaratibu mmoja unaosaidia ni ule alioanza kuuunda mtunzi wa dansi wa Marekani Liz Lerman mwaka 1990, ambao una hatua nne. Kwanza wasikilizaji husema kilichowagusa au kubaki akilini mwao, kisha mwandishi huuliza maswali yake, baadaye wasikilizaji huuliza yao kwa namna isiyobeba hukumu, na mwisho hutoa maoni baada ya mwandishi kukubali kuyasikia. Hatua ya pili ndiyo yenye faida kubwa kwa mswada mpya, mradi maswali yaandikwe kabla ya kikao na yawe ya mambo mahususi: Kassim alipoteza imani yenu katika mstari upi? Mlijua lini kwamba Saidi ni mnunuzi? Swali la kama wameipenda kazi halimpi mwandishi cha kufanya kesho yake.

Mwandishi anapoulizwa swali, naye amwombe muulizaji aseme yeye alielewaje, badala ya kumjibu. Akishajibu, amefuta ushahidi, maana kuanzia hapo kila mtu chumbani anajua jambo ambalo mswada haukulisema.

Saa isiaminiwe sana

Namba alizoandika msaidizi zinahitaji tahadhari. Mswada wa filamu uliopigwa kwa mpangilio wa kawaida wa fani hiyo hukadiriwa kuwa ukurasa mmoja kwa dakika moja, lakini tamthilia ya jukwaani haina kipimo cha namna hiyo, na muda wa mezani si muda wa ukumbini. Mezani hakuna kuingia na kutoka, hakuna kubadilisha mandhari, hakuna nyimbo wala ngoma, na hakuna kicheko cha watu mia mbili ambacho mwigizaji hulazimika kukisubiri. Kwa upande mwingine, maelezo ya jukwaani yanayosomwa kwa nusu dakika yanaweza kutendwa kwa sekunde tano. Linalofaa kuangaliwa ni uwiano wa maonyesho, kwa mfano onyesho la utangulizi likichukua muda mrefu kuliko lile la mgogoro mkuu.

Mapigano, ngoma, mizungu ya vichekesho vya mwili na kimya kirefu cha makusudi hufa mezani hata vikiwa vimeandikwa vizuri, na mwandishi asivikate kwa ushahidi wa kikao hicho pekee. Vicheko vya marafiki navyo visimdanganye, kwa sababu mtu aliyealikwa kwa hisani hucheka kwa hisani.

Kazi ya kurekebisha isianze usiku uleule. Kwa siku chache mwandishi aache sauti za wachangiaji zififie, kisha apitie alama zake kabla ya maoni yaliyoandikwa, aanze na mahali ambapo alama ya msaidizi, alama yake mwenyewe na lalamiko la msikilizaji zimekutana katika ukurasa mmoja au zimekaribiana. Huko ndiko kwenye chanzo. Kujikwaa kwa ulimi kurekebishwe mwishoni, kwani sehemu kubwa ya mistari hiyo itakuwa imekwisha kuondoka pamoja na kurasa zilizokatwa.

Rasimu mpya isomwe tena mezani, na safari hii angalau nusu ya wasomaji, pamoja na wasikilizaji wote wasio na nakala, wawe ni watu wasioijua ile ya kwanza, kwa kuwa walioijua watajaza mapengo kwa kumbukumbu. Ikisomwa hadi mwisho na wasikilizaji hao wakaweza kusimulia kwa maneno yao nani alitaka nini na kwa nini alikikosa, mswada ukabidhiwe kwa mwongozaji na mazoezi yaanze. Wakishindwa, ukumbi usilipiwe bado.